Mtandao unathibitishaje muamala usiouona?

"Kama kwenye Zcash, sarafu ya kidijitali, kiasi na mtumaji vimefichwa, mtandao unajuaje kwamba sijatumia hela nisiyo nayo?"

Chukua mipira miwili, mwekundu na wa kijani, na rafiki asiyeweza kutofautisha rangi hizo. Anaificha mgongoni, anaibadilisha mikono au anaiacha ilivyo, kisha anakuonyesha tena na kukuuliza kama ameibadilisha. Anayebahatisha atapatia nusu ya mara tu. Kupatia mara 20 mfululizo ni bahati moja kati ya 1,048,576. Rafiki anakubali kwamba rangi ni tofauti, lakini bado hajui mwekundu ni upi.

Zcash hufanya hivyo kwa hesabu, bila kuulizana mara 20: unatuma ithibati moja fupi. Inathibitisha kwamba noti ya kidijitali unayotumia imo kwenye daftari la mtandao, una ufunguo wake, na kinachoingia kinalingana na kinachotoka.

Kuitumia mara mbili je? Kila noti ina alama yake moja tu ya kuifuta, na hiyo hutangazwa hadharani bila kufichua ni noti ipi. Ikijirudia, muamala unakataliwa.

Kinachonitisha mimi ni kosa ndani ya hesabu zenyewe, maana hela bandia ingejificha vilevile. Zcash iliwahi kuwa nalo, likazibwa Oktoba 2018.