Kurudisha Wekundu Kabla ya Kupaka Kahawia Nywele Zilizopaushwa

Wewe unayeanza kazi ya rangi saluni, siku moja atakuja mteja mwenye nywele fupi zilizopigwa blichi hadi zikawa njano hafifu kama ndani ya ganda la ndizi, akitaka zirudi kahawia iliyokoza. Kazi hiyo inaonekana rahisi kwa sababu unatoka kwenye weupe kwenda kwenye giza, na mimi niliiona hivyo nilipompaka mteja wangu wa kwanza wa aina hiyo kahawia moja kwa moja. Alitoka akiwa amependeza, lakini baada ya kuosha mara tatu au nne alirudi huku ncha zikiwa na rangi ya majivu yenye ukijani, katikati kahawia, na nyuma ya kichwa mabaka.

Sababu yake ni kwamba blichi hufanya mambo mawili. Kwanza huondoa rangi ya asili ya unywele, ukiwemo wekundu na udhahabu ambao ndio msingi wa kahawia yoyote. Ukipaka kahawia juu ya njano isiyo na msingi huo, rangi hukosa joto, yaani wekundu na udhahabu huo, na kuelekea ukijani. Pili huinua na kuvunja magamba ya nje ya unywele, hivyo unywele hunyonya rangi kwa kasi na kuiachia kwa kasi ileile. Ncha, ambazo ndizo zilizopita kwenye blichi mara nyingi zaidi, huathirika kuliko sehemu nyingine, na hapo ndipo mabaka hutokea.

Kwa hiyo tunarudisha joto kwanza. Katika vipimo vya rangi namba 1 ni nyeusi na namba 10 ni njano nyeupe kabisa. Mteja aliye kwenye 9 anayetaka kahawia ya 4 anahitaji msingi wa shaba yenye wekundu, kiasi cha namba 6, yaani ngazi mbili juu ya rangi anayoitaka. Angetaka kahawia nyepesi ya 6 au 7, msingi ungekuwa wa dhahabu au shaba nyepesi. Wekundu mwingi chini ya kahawia nyepesi hujitokeza, na mteja asiyeutaka ataulalamikia.

Kabla ya kuchanganya chochote, lowesha unywele mmoja na uuvute taratibu. Ukinyooka kama ulimbo na usirudi, hakuna rangi itakayoshika hapo. Mwambie mteja apunguze ncha kwanza. Jaribio la mzio kwenye ngozi liwe limefanyika saa 48 kabla.

Kwa msingi huo wa shaba, tumia rangi isiyopausha, iliyochanganywa na peroksaidi dhaifu ya asilimia 1.9, kwa uwiano ulioandikwa kwenye boksi. Kwa nywele za urefu wa kidole, gramu 30 za rangi hutosha. Paka sehemu zilizopaushwa pekee, wala usiguse mizizi mipya iliyoota nyeusi, kwa kuwa yenyewe bado ina msingi wake. Acha kwa dakika 20 hivi, kisha futa fungu dogo la nywele kwa taulo lenye unyevu na ulitazame mwangani karibu na dirisha.

Hatua hii ndiyo wageni wengi huiruka, nami naiona ndiyo kazi yenyewe. Nywele zote zinapaswa kufanana na nyama ya papai lililoiva, kuanzia karibu na mizizi hadi nchani. Ukikuta ncha zimebaki njano huku katikati pameiva, ongeza rangi ileile kwenye ncha na usubiri tena. Ukipaka kahawia juu ya msingi usiolingana, kahawia itauficha kwa siku chache tu, na mabaka utayaona baada ya mteja kuosha nyumbani.

Msingi ukilingana, suuza kwa maji bila shampuu, kausha kwa taulo hadi nywele zibaki na unyevu kidogo, kisha paka kahawia ya 4 isiyo na majivu ndani yake, pia kwa peroksaidi dhaifu. Baada ya dakika kumi utaona ncha zimekuwa nyeusi kuliko inavyotakiwa. Usiogope ukasuuza mapema, kwa sababu nywele zilizochoka huonyesha giza kabla rangi haijakaa, na ukiitoa wakati huo itaondoka yote kwa siku chache. Subiri muda kamili ulioandikwa kwenye boksi.

Mweleze mteja waziwazi kwamba msingi huu hautibu unywele uliovunjika, na kwamba ncha bado zitapauka mapema kuliko mizizi. Tofauti ni kwamba zitapauka kuelekea shaba, sawasawa kichwa kizima, na atakaporudi utahitaji kuongeza kahawia kwenye ncha tu bila kuanza upya.