Gemu za maandishi kwa bando dogo

"Niko Kayole, neti inasota. Kuna gemu ya hadithi isiyomaliza bando?"

Ipo, buda. Ingia IF Archive, ghala la mtandaoni la gemu za maandishi, utafute faili inayoishia `.z5`. Aina hiyo haiwezi kuzidi KB 256, na humo ndimo hadithi yote ilimo. Kizito ni programu ya kuifungulia, Fabularium, kwa hivyo ipakue penye waifai. Baada ya hapo zima data. Unaandika amri kama `open door`, na `save` kabla hujashuka matatu. Shida ni moja: nyingi zinaelewa Kiingereza tu.

Kuna mwingine amesema utumie gemu za Twine, zana ya kutengeneza hadithi za kubofya kwenye browser, eti hazihitaji neti; amepatia nusu. Faili ya HTML ya gemu kama hiyo ukiihifadhi inacheza bila neti, lakini picha zikiwa zimebaki kwenye seva utaona visanduku vitupu.