Pikipiki ya Mkono wa Pili: Injini Iguse Kabla Hujaiwasha

*Fundi, nimepata kazi ya kupeleka vifurushi kutoka mjini hadi Kilimani na Westlands. Nitafute ya cc 100 ama 150?*

Kwa mizigo hiyo, 100. Tuseme unakimbia kilomita 100 kwa siku. Pikipiki ya 100 iliyo sawa ikikupa kilomita 60 kwa lita, utachoma lita 1.7 hivi. Ya 150 ikikupa 45, itakula 2.2. Ni nusu lita tu, lakini ukifanya kazi siku 26 kwa mwezi, inafika lita 14. Kwa lita ya shilingi 180, hizo ni karibu 2,500, na ni zako.

Hesabu hugeuka mzigo ukiwa mzito. Mitungi miwili ya gesi ya kilo 13 ikiwa imejaa inakaribia kilo 55 ukihesabu na chuma chake. Ukipanda nayo kuelekea Ngong, ile 100 utaipandisha kwa gia ya pili, mkono umekaza mafuta hadi mwisho. Hapo ile nafuu ya mafuta inapotea, na klachi inaanza kuungua. Kwa kazi kama hiyo tafuta 125 au 150.

*Mwenye kuuza anasema yake inaenda 60 kwa lita. Nitajuaje hanidanganyi?*

Muombe siku moja, na mafuta ni juu yako. Isimamishe kwa stendi ya kati, ujaze tanki mpaka shingoni. Endesha kilomita 50 kwenye njia zako za kawaida, foleni zikiwemo, kisha urudi kituo kile kile ujaze mpaka pale pale. Gawanya kilomita kwa lita ulizoongeza. Kilomita zipime kwa ramani ya simu, kwa sababu mita za hizi pikipiki nyingi kebo ilikatika zamani.

Ikikupa 40 kwa injini ya 100, usiikatae haraka. Inua gurudumu la nyuma ulizungushe kwa mkono. Likikwama, huenda ni breki imekazwa mno. Fungua plagi pia. Ikiwa nyeusi na kavu kama masizi, kabureta inamwaga mafuta mengi, na hiyo ni kazi ndogo.

*Kuna moja ya jina sijawahi kusikia, bei nusu ya Boxer. Kuna ubaya?*

Kabla ya kulipa, nenda Kirinyaga Road uulize bei ya pleti za klachi, gasketi ya hedi na silinda na pistoni yake. Halafu uliza hizo hizo katika duka la spea la mtaani kwako. Za Boxer na TVS utapata kote, hata jioni. Ikiwa ya hiyo nyingine wanakuambia "rudi Alhamisi", basi kila ikiharibika utakaa nyumbani mpaka Alhamisi, na mteja hakungojei.

*Mimi si fundi. Injini nitaiangaliaje?*

Fika asubuhi bila kupiga simu, kisha uiguse injini kabla mtu hajaiwasha. Ikiwa ya moto, rudi siku nyingine. Mimi niliwahi kununua moja nikaikuta inanguruma, mwenyewe akasema alikuwa "anaipasha tu kidogo". Kesho yake ikiwa baridi ilinichukua kiki kumi na tano, na ikawaka na moshi wa samawati.

Huo moshi ni oili inayoungua. Ukitoka mara tu unapowasha kisha ukapotea, mara nyingi ni sili za valvu. Ukizidi unapovuta mafuta barabarani, ringi zimekwisha, na hapo unahesabu silinda mpya. Moshi mweupe mwepesi wa asubuhi ya Julai ni mvuke, usikutishe.

Chomoa kifuniko cha oili uipake kwenye kidole. Nyeusi ni kawaida. Yenye vumbi la chuma linalong'aa ni injini inayojila. Na oili mpya kabisa, safi kama asali, kwenye pikipiki chafu hivyo? Muulize kwa nini ameibadilisha jana.

Mwisho inama chini ya kiti, pale keria inaposhikana na fremu. Pikipiki zilizobeba mizigo hupasukia hapo, na rangi mpya mahali pamoja tu kwa kawaida huficha welding.

*Logbook iko kwa jina la mtu mwingine, lakini anayeuza anasema ni shemeji yake.*

Shemeji aje. Kubadilisha umiliki kwa NTSA huanzia kwenye akaunti ya eCitizen ya aliyeandikwa, wewe ukakubali kwa yako. Tafuta namba ya usajili ya pikipiki kwanza huko huko: ukiona kampuni ya mkopo imeandikwa pamoja naye, huenda deni bado lipo. Halafu linganisha namba ya chesesi na ya injini na zile za logbook, tarakimu kwa tarakimu, pesa zikiwa bado mfukoni.