Sukari ya soda: kutoka gramu hadi vijiko na kalori

Chupa yangu ya mililita 500 imeandikwa sukari gramu 10.6. Si vijiko viwili na nusu tu hivyo? Mbona watu wanapiga kelele?

Angalia juu ya safu ya hizo namba. Hiyo 10.6 ni ya kila mililita 100, na wewe chupa yako ina mililita 100 mara tano. Zidisha 10.6 kwa 5 upate gramu 53. Kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba takriban gramu 4 za sukari, kwa hiyo 53 gawa kwa 4 ni vijiko 13 na robo. Kila gramu ya sukari hutoa kalori 4, kwa hiyo 53 mara 4 ni kalori 212.

Mtego mwingine wa aina hiyohiyo ni lebo inayohesabu kwa "kipimo kimoja" cha mililita 250. Chupa inakuwa na vipimo viwili, ingawa sijaona wengi wanaoifunga chupa ya nusu lita katikati na kuirudisha kwenye friji. Ndiyo maana kabla ya hesabu yoyote natafuta vitu viwili: ujazo wa chupa nzima, na ujazo ambao ile namba ya sukari inausemea.

Nimepima kijiko changu cha sukari kwenye mizani, kikatoa gramu 7. Hiyo 4 mnaitoa wapi?

Bila shaka ulichota kikajaa kikafanya kilima. Kijiko cha chai cha kupimia hubeba mililita 5, na sukari ya kawaida ikisawazishwa humo kwa mgongo wa kisu huwa na gramu 4 na kitu kidogo. Ukihesabu kwa kijiko chako, chupa ile ya gramu 53 itakuwa na vijiko saba na nusu hivi, na mtu atadhani imepungua sukari! Gramu ni zilezile na kalori ni 212 zilezile. Kijiko kinasaidia jicho kuona wingi tu. Ukitaka kulinganisha chupa mbili, linganisha gramu.

Kwenye lebo kuna 180 na pembeni yake 42. Kalori ni ipi?

Ni 42. Ile 180 ni kilojuli, kipimo kingine cha nishati ileile. Kalori moja ya chakula, ambayo kwenye lebo huandikwa kcal, ni sawa na kilojuli 4.2 hivi. Aliyezidisha 180 kwa 5 akapata 900 asishtuke, agawe kwa 4.2 tu atarudi kwenye 214. Ukizidisha 42 kwa 5 unapata 210, na kwa njia ya gramu tulipata 212. Tofauti hizo zinatokana na kukadiria namba za lebo, hazina maana zaidi ya hapo.

Lebo inaonyesha wanga gramu 10.6, halafu sukari gramu 10.6. Nijumlishe?

Hapana. Sukari ni sehemu ya wanga, na kwenye soda karibu wanga wote ni sukari. Ukijumlisha utakuwa umeihesabu mara mbili.

Nikikoroga vijiko 13 vya sukari kwenye nusu lita ya maji hayanyweki. Soda inanywekaje?

Swali zuri kuliko yote leo. Kinachoficha utamu kwanza ni asidi: soda nyingi zina asidi ya sitriki, na zile nyeusi huwa na asidi ya fosforiki, na uchachu huo hupingana na utamu mdomoni. Gesi yenyewe ikiyeyuka kwenye maji huongeza ukali. Halafu kuna baridi, ambayo hufanya ulimi uhisi utamu kidogo. Acha soda wazi mezani hadi gesi iishe na ipate joto la chumbani, kisha ionje. Asidi bado imo, lakini utaitambua sukari.

Gramu 53 ni nyingi kwa siku?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unataka sukari huru, yaani ile inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji, isifikie asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa anayekula kalori 2,000, hiyo ni kalori 200, yaani gramu 50. Chupa moja imeshapita. Shirika hilo linashauri pia kushuka chini ya asilimia 5, ambayo ni gramu 25, na hapo hata glasi ya mililita 250 ya soda hiyo inazidi kidogo, kwa kuwa ina gramu 26.5. Na katika sukari huru wanahesabu pia asali na juisi ya matunda, hata ile isiyoongezwa kitu.