Anwani ya 169.254 imetoka wapi?

Stesheni yetu hapa Mwanjelwa kompyuta moja imejipa 169.254.83.12, nyingine zote ni 192.168.1. Intaneti haina. Ni virusi?

Si virusi. Kompyuta iliomba anwani kwa rauta (kazi hiyo inaitwa DHCP), haikujibiwa, ikajichagulia yenyewe kwenye fungu la 169.254. Fungu hilo limetengwa ili mashine zilizo kwenye waya mmoja ziongee hata kama hakuna wa kuzigawia anwani. Rauta haipitishi safari zake kwenda nje, ndiyo maana intaneti hupati.

Waya ungekuwa umechomoka kabisa, Windows ingeandika "Media disconnected". Kwa hiyo ipe kwa mkono 192.168.1.20, barakoa yaani subnet mask 255.255.255.0, lakini hakikisha kwanza hakuna anayeitumia. Kisha andika:

```
ping 192.168.1.1
```

Rauta ikijibu, waya ni mzima na tatizo ni mgawaji wa anwani, ile DHCP. Isipojibu, badilisha waya, kisha tundu la swichi. Duka moja nililohudumia, rauta iligawa kuanzia .100 hadi .149, yaani anwani 50, na kila moja ilishikiliwa saa 24. Simu za wateja wa asubuhi zilizimaliza zote. Kompyuta iliyowashwa mchana ikakosa. Tulipunguza muda hadi saa 2, tukapanua hadi .199. Ukimaliza, kwenye mipangilio ya mtandao rudisha kompyuta kwenye kupokea anwani yenyewe, yaani "Obtain an IP address automatically", kisha andika:

```
ipconfig /renew
```

Programu ya mauzo naifungua kwenye laptopu kwa 127.0.0.1:8080. Simu iliyo kwenye waifai hiyo hiyo inakataa.

Kwa sababu 127.0.0.1 maana yake ni "mimi mwenyewe". Simu ikiiandika inajitafuta yenyewe, na ndani yake hakuna programu hiyo. Fungu zima la 127 halitoki nje ya mashine. Tumia anwani ya laptopu, mfano 192.168.1.34:8080. Ikigoma bado, programu inasikiliza 127.0.0.1 tu, iweke 0.0.0.0, au Windows Firewall imeizuia.

Duka la Iringa na stoo ya Mafinga yote ni 192.168.1. Fundi wa VPN, ile njia ya kuunganisha mitandao hii miwili kupitia intaneti, anataka tubadilishe upande mmoja. Anatafuta hela?

Hapana dada, safari hii fundi yuko sahihi. Anwani za 10, za 172.16 hadi 172.31, na za 192.168 ni za ndani. Yeyote anazitumia bila kuomba, mradi zisigongane ndani ya mtandao wake. Nyie mnataka kuunganisha mitandao miwili iwe mmoja. Kompyuta ya Iringa ikitafuta 192.168.1.50 ya Mafinga itadhani ni jirani wa chumba kile kile, itamwita humo humo dukani, na ombi halitafika hata kwenye VPN. Mafinga iwe 192.168.20, na mkumbuke printa zilizowekewa anwani kwa mkono. Hizo ndizo husahaulika.