Shairi la umbo: acha maneno yenyewe yavimbe

Shairi langu la kwanza la umbo lilikuwa jahazi. Nilichora tanga kwa penseli, kisha nikaanza kulijaza maneno. Pembe ya juu ilinigomea, ilibaki na nafasi ya herufi tisa hivi, basi nikapachika "kwa kweli". Chini yake nikaipachika tena, na tena. Rafiki yangu mmoja, msomaji asiye na huruma, aliliandika upya lote kwa mistari ya kawaida, akanirudishia na swali moja: "Hizi 'kwa kweli' tatu zinafanya kazi gani?" Hazikuwa na kazi. Zilikuwa vitambaa vya kuzibia matundu ya tanga.

Tangu hapo sichori kwanza. Najiuliza ni kitu gani katika jambo lenyewe kinachokua, kinachopungua, kinachoanguka au kinachokatika, maana mistari ya shairi inaweza kufanya hayo. Jahazi limesimama tu hapo, ni picha. Maji ya bahari yanajaa na kupwa, na mstari nao unaweza kujaa na kupwa. Mwingereza George Herbert alilijua hili zamani: katika shairi lake la mabawa lililochapishwa 1633, mistari inafupika kadiri mtu anavyofukarika, hadi inabaki maneno mawili tu, kisha inapanuka anapoinuka tena. Bawa limetokana na maana.

Kiswahili kina hazina yake hapa, na mimi nilichelewa kuiona. Nilikuwa nalalamika kwamba maneno yetu ni marefu mno kwa mstari mwembamba. Kumbe kitenzi chetu chenyewe kinarefuka na kufupika: *jaa, yajaa, yanajaa, yanapojaa*. Huhitaji kichomekeo chochote. Hapo kila kiambishi kinachoongeza upana kinaongeza na maana, na *-po-* inapoingia, jambo limeshapata wakati wake na linasubiri tokeo. Hili ndilo lililotoka baada ya rasimu nyingi:

```
jaa
yajaa
yanajaa
yanajaa upesi
yanapojaa tunarudi
yanapojaa tunarudi nyuma
yanapokupwa twafuata
yanakupwa polepole
yanakupwa
yapwa
pwa           kandambili
```

Hesabu mizani ya mistari sita ya kwanza: 2, 3, 4, 7, 9, 11. Kisha 9, 8, 4, 2, na ile *pwa* moja. Kwa hiyo hata anayesomewa gizani anasikia maji yakija na kuondoka. Hicho ndicho kipimo changu kikuu. Nikisoma kwa sauti na umbo likapotea kabisa, najua nimechora tu. Kipimo cha pili ni kile cha rafiki yangu: andika lote kama nathari, halafu futa kila neno usiloweza kulitetea. Ukishalifuta na ukingo ukaharibika, usilirudishe. Tafuta mstari mwingine wenye upana ule.

Kuna watakaosema *pwa* haisimami peke yake kwa sarufi, kwamba ni mzizi tu. Ni kweli. Lakini pale maji yamebaki ya kulowesha kidole tu, na nililitaka neno lililovuliwa kila kitu.

Rasimu ya kabla ya hii iliishia hapo kwenye *pwa*, pande mbili zikilingana karibu kabisa. Ilipendeza macho na ilikuwa imekufa. Msomaji akifika katikati alishajua mwisho. Bahari ikipwa huacha kitu, na kitu hicho hakikai kwenye maji, kinakaa pale maji yalipofika. Ndipo nikaweka kandambili mbali kuliani, herufi yake ya mwisho ikiwa chini kabisa ya ukingo wa "nyuma", mstari mrefu kuliko yote. Umbo likavunjika mahali pamoja, na papo hapo watu wakaingia ndani ya shairi: nani alikimbia akaiacha? Ukivunja umbo, vunja mara moja tu. Ukivunja mara tatu inaonekana ulikosea kupanga.

Kuhusu upangaji wenyewe, tumia fonti ambayo kila herufi ina upana sawa, la sivyo *m* itakula nafasi ya *i* tatu na ukingo wako utayumba. Sogeza maneno kwa nafasi za kawaida, usitumie kitufe cha tabo, kwa sababu kila programu inaipimia tabo upana wake. Mstari mrefu nauweka chini ya herufi 30 ili simu isiukate.

Hata hivyo niliwahi kumtumia mtu shairi hili kwa ujumbe wa kawaida, fonti ikabadilika, na kandambili ikasogea kushoto hadi ikawa majini. Akajibu kwamba amependa sana mwisho, kiatu kinavyozama. Sasa natuma picha ya skrini.