Boila na meza ya kuchambulia kwenye mizani moja

Tuchukue kiwanda cha kubangua korosho hapa Mtwara chenye wafanyakazi kama 120. Kuna mwendesha boila, anayelisha moto kwa maganda ya korosho na kuchunga kioo cha maji na geji ya presha ili mvuke wa kuchemshia korosho ghafi utoke sawasawa. Kuna pia kiongozi wa meza ya kuchambulia, na mara nyingi ni mama. Anapima ratili moja ya korosho karanga na kuzihesabu: zikiwa kati ya 300 na 320 ni daraja la W320, zikiwa 220 hadi 240 ni W240. Nani alipwe zaidi? Ukiuliza bila kipimo, utajibiwa kwa mazoea.

Njia ya pointi, yaani kuipa kila kazi alama ili kupanga mishahara, huanza na vigezo vinne: ujuzi, wajibu, juhudi na mazingira ya kazi. Tugawe pointi 1,000 hivi: ujuzi 400, wajibu 300, juhudi 200, mazingira 100. Kila kigezo kina viwango vitano vinavyopanda kwa hatua sawa, kwa hiyo kiwango cha tatu cha ujuzi ni pointi 240. Kila kiwango kiandikiwe maelezo ya mambo yanayoonekana. "Ujuzi wa kati" haisemi kitu. "Anaweza kufanya kazi peke yake baada ya miezi sita ya mafunzo" inapimika.

Hapo kwenye maelezo ndipo haki hupotea, tena bila mtu kukusudia. Kamati ikieleza juhudi kwa kilo zinazobebwa tu, mwendesha boila anapata kiwango cha nne, pointi 160, na kiongozi wa meza anapata cha kwanza, 40. Ujuzi wanalingana kwa 240, wajibu kwa 180. Mazingira, boila inachukua 100 zote kwa joto na hatari ya mvuke; meza inapata 40. Jumla ni 680 kwa 500. Kama kila ngazi ya mshahara ina upana wa pointi 100, wameachana kwa karibu ngazi mbili, na jedwali linaonekana safi kabisa.

Lakini kaa pale mezani saa moja. Macho hayatoki kwenye karanga, shingo imeinama, vidole havipumziki, na W320 zikichanganyika na W240 mzigo unapoteza daraja lake kwa mnunuzi. Hiyo ni juhudi ambayo maelezo hayakuipa nafasi. Basi igawe juhudi mara mbili: nguvu za mwili 100, umakini wa macho na akili 100. Mwendesha boila sasa anapata 80 na 60, kiongozi wa meza 40, kwa kuwa shingo na vidole sasa vinahesabiwa, na 100. Kila mmoja ana 140. Jumla mpya ni 660 kwa 600. Tofauti iliyobaki, pointi 60, inatokana na mazingira peke yake, na hiyo unaweza kuieleza mbele ya wote wawili bila kuona haya. Kusawazisha kwa nguvu mpaka zifanane nako kungekuwa dhuluma.

Kamati iwe na watu watano au sita, wanawake na wanaume, mmoja wao atoke chama cha wafanyakazi kama kipo. Kila mtu aandike viwango vyake na sababu kabla ya mazungumzo, la sivyo wote watamfuata meneja. Mnapima kazi, si mtu: jiulizeni mngeandika nini kama nafasi ingetangazwa leo. Sifa za bidii zina mahali pake kwingine.

Kosa kubwa kuliko yote ni kurekebisha uzito wa vigezo mpaka pointi zifanane na mishahara ya sasa. Hapo unakuwa umeipiga muhuri orodha ya zamani pamoja na upendeleo wake. Funga uzito kwanza, kisha ndipo ufungue karatasi ya mishahara. Chora pointi upande wa chini na mshahara upande wa kushoto ukipanda, upitishe mstari katikati. Kazi zinazofanywa zaidi na wanawake zikilala karibu zote chini ya mstari, una tatizo la kisheria pia, kwa kuwa kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinadai malipo sawa kwa wanaume na wanawake wenye kazi za thamani sawa.

Mipaka ya ngazi ikate penye pengo la pointi. Kazi ya 598 na ya 603 zisitenganishwe na mstari, maana pointi tano ni tofauti ya maoni tu. Anayelipwa juu ya ngazi yake asikatwe. Nyongeza yake isubiri wenzake wamfikie.

Na siku kiwanda kikinunua mashine ya kuchambua kwa rangi, pima upya meza ile: umakini unaweza kushuka, ila ujuzi wa kuirekebisha mashine ukapanda.